Bei Kwanza, Mpira Baadaye: Jibu la Akiba kwa Mteja Anayeulizia Jiko



Leo nataka tuzungumzie ujumbe mmoja tu. Kila mwenye duka la vyombo hapa Buguruni, kuanzia Sheli mpaka Malapa, anaujua: "Jiko la gesi la pleti mbili sh ngapi?" Mara nyingi hauna hata salamu. Mtu ameona picha kwenye stetasi ya shoga yake, au kwenye ukurasa wako ulikoandika "bei njoo inboksi", na sasa amekuja hiyo inboksi uliyomwitia. Kwa kuwa ujumbe wenyewe ni uleule kila siku, wengi wenu mmeshaandika jibu mkaliweka akiba kwenye simu, mkiulizwa mnalituma. Na wengi mmeshafikiria: kama jibu ni hilohilo, kwa nini nisimtajie na mpira wa gesi humohumo?

Mtajieni. Ninachotaka kuonyesha ni namna ya kumtajia ili asiyeutaka mpira aweze kuukalia kimya bila kujisikia vibaya, na ununuzi wa jiko uendelee kama kawaida. Hapo ndipo majibu mengi niliyoyaona yanapoharibika.

Kwanza tumwangalie huyu anayeuliza. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, na lengo lililowekwa ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Kwetu sisi wa dukani jambo hilo lina sura ya mtu: mama aliyepikia mkaa miaka yote, akaanza na mtungi mdogo wa kilo 6 wenye kichomeo kinachofungwa juu yake, na sasa moto mmoja haumtoshi. Anataka maharage yawe upande mmoja na wali upande wa pili. Jiko la mkaa alilinunua peke yake, akaweka mkaa, akapika. Hana sababu ya kudhani jiko la gesi ni tofauti. Hajui kwamba mara nyingi ndani ya boksi kuna jiko tu, na kwamba nyuma ya jiko hilo kuna kijibomba kinachosubiri mpira, na mpira unasubiri regyuleta, na regyuleta lazima ilingane na kichwa cha mtungi alionao.

Sasa chukulia amekuuliza bei na wewe umemjibu "55,000" ukanyamaza. (Bei zote nitakazotaja jioni hii ni za mfano, kila mtu atazibadilisha kwa mzigo wake.) Yuko Vingunguti. Anakubali, anatuma hela, boda anampelekea jiko. Saa 1 usiku anafungua boksi, anakuta kile kijibomba, hana cha kukichomekea. Maduka yamefungwa, watoto wanasubiri chakula. Atakupigia, na neno lake la kwanza litakuwa "Mbona hukuniambia?" Yuko sahihi. Aliuliza bei ya jiko, lakini alichotaka kujua ni atatoa shilingi ngapi ili apike. Mpira kwa mteja huyu ni sehemu ya jibu, na aliyemficha amempa jibu nusu.

Kwa hiyo vitu tunavyoviongeza kwenye jibu la bei haviko kundi moja, na hili naomba tukae nalo kidogo. Kuna kitu ambacho bila hicho kilichoulizwa hakifanyi kazi: mpira, vibana vyake, regyuleta. Kuna kitu kinachoambatana tu: sufuria, kiberiti cha gesi, kitambaa cha kufunikia jiko. Kundi la kwanza una wajibu wa kulitaja. Kundi la pili, kwenye jibu la kwanza la bei, mimi nasema liacheni. Litapata nafasi yake mteja akishafika dukani na kuona kwa macho. Najua wapo watakaonipinga hapa, kwa sababu faida ya sufuria ni nzuri kuliko ya mpira. Lakini mteja anayesoma jibu lako kwenye daladala hajui faida yako. Anachokiona ni kama umesikia alichouliza au hukusikia. Kiberiti ni mfano mzuri. Majiko mengi ya pleti mbili tunayouza sasa yanajiwasha yenyewe kwa kuzungusha kitufe. Muuzaji anayemwambia mtu "na kiberiti cha gesi tunacho, 3,000" kwa jiko linalojiwasha, ametangaza kwamba ujumbe ule anautuma kwa kila mtu bila kuangalia kinachouzwa. Mteja akiligundua hilo, hata mpira, ambao anauhitaji kweli, atauona ni maneno ya biashara.

Nimeombwa na baadhi yenu nilete mfano wa jibu baya, na ninao. Nimelipokea mwenyewe nilipokuwa naulizia mzigo, nami sitamtaja aliyelituma. Lilikuwa hivi:

"Habari mteja wetu mpendwa!! Karibu sana dukani kwetu. Jiko 55,000, mpira 8,000, regyuleta 15,000, kiberiti 3,000, sufuria seti 60,000. Nikuwekee vyote kwa 138,000 tu? OFA INAISHA LEO, zimebaki 2. Lipa kwa namba hii, kisha tuma jina na eneo ulipo."

Aliyewahi kushuka Msimbazi kwenda kununua kitu kimoja anaujua mwendo huu. Ni winga wa Kariakoo aliyekushika mkono kabla hujafika mlangoni, anakuvuta duka hili na lile, na wewe unatafuta namna ya kujinasua. Tofauti ni kwamba Kariakoo unajinasua kwa miguu, na kwenye simu unajinasua kwa kutojibu.

Tulichambue kwa sababu kila kosa lake linafundisha. Bei aliyoulizia mteja imefunikwa na bei nne ambazo hakuziuliza. Bei ya vyote, 138,000, imekaa mahali ambapo jicho linasimama, na mtu aliyekuja na hesabu ya 60,000 akiiona atafunga simu. Kisha "ofa inaisha leo, zimebaki 2". Kama ni kweli, mwambie, ni haki yake kujua. Kama siyo kweli, tunaingia kwenye jambo jingine kabisa: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha, na jibu la akiba linalosema "zimebaki 2" wiki nzima ni upotoshaji ulioandikwa na kuhifadhiwa, wenye tarehe na saa kwenye simu ya kila aliyeupokea. Na namba ya malipo imetumwa kwa mtu ambaye bado hajasema anataka. Hiyo Lipa Namba ina wakati wake, na wakati wake ni baada ya "sawa nachukua".

Lakini kosa ambalo mimi nalihesabu kubwa kuliko yote ni alama moja ya kuuliza. "Nikuwekee vyote?"

Sisi watu wa hapa kumkatalia mtu waziwazi ni kazi nzito. Jirani akikukaribisha chakula umeshiba, husemi "sitaki", unasema "ahsante, nimetoka kula sasa hivi". Fundi akikupa bei usiyoiweza, husemi "ghali", unasema "ngoja nijipange nitakurudia". Heshima yetu imejengwa hivyo na mimi siioni kama kasoro. Sasa wewe unamwuliza mtu "nikuwekee na mpira?" Kama hataki, swali lako linamdai jibu, na jibu lenyewe ni kukataa. Anayeweza kuandika "hapana, jiko tu" ni wachache. Wengi wanaandika "sawa nitakurudia", au hawaandiki kitu. Na hapo unapoteza zaidi ya mpira, kwa sababu jiko, ambalo alikuwa anakaribia kulichukua, limefungwa pamoja na mpira kwenye swali moja. Ili arudi kuliulizia itabidi apitie kwanza lile swali ambalo hakulijibu. Rahisi kwake ni kumwandikia mtu mwingine, na watu wengine wapo: ukiwa Buguruni unashindana na duka la jirani na pia na Kariakoo yote, iliyo kilomita chache tu kwa Barabara ya Uhuru.

Kwa hiyo nyongeza iandikwe kama taarifa. Mwambie mpira upo na bei yake ni ngapi, weka nukta, endelea. Mteja akiutaka ataukumbuka. Asipoutaka, nukta haimdai kitu, na anaweza kukujibu "jiko hilo rangi gani?" kana kwamba mpira haukutajwa.

Sasa jibu lenyewe. Hili ni la jiko la pleti mbili:

"Jiko la pleti mbili, la kioo, linajiwasha lenyewe: 55,000.

Ndani ya boksi kuna jiko peke yake. Kwa asiye na mpira wa gesi, mita moja na nusu pamoja na vibana viwili ni 8,000.

Regyuleta inategemea mtungi. Ukinitajia mtungi wako nitakuambia inayoufaa.

Duka lipo Buguruni karibu na Rozana, tunafunga saa 12 jioni."

Mstari wa kwanza una kitu kilichoulizwa na bei yake, basi. Ujumbe ukiingia, simu nyingi zinaonyesha mwanzo wake tu hata kabla hazijafunguliwa, na mteja aliye kazini anatupa jicho hapo. Akiiona 55,000 ameshajibiwa. Akiona "Habari mteja wetu mpendwa karibu sana" bado hajajibiwa, na pengine duka jingine limeshamjibu. Kwa sababu hiyohiyo msiandike bei juu ya picha pekee. Wengi wanaobana bando wamezima picha zisijipakue zenyewe, na bei iliyo ndani ya picha isiyofunguka ni sawa na bei ambayo haijatumwa. Picha itume, lakini bei iwe kwenye maandishi.

Mstari wa pili una maneno saba yanayofanya kazi kubwa: "ndani ya boksi kuna jiko peke yake". Haya yanampa sababu ya mpira kutajwa. Bila sababu, mpira unaonekana umesukumwa. Ukitanguliza sababu, mpira unaonekana kama msaada, na kweli ni msaada. Kisha "kwa asiye na mpira": hapa umemwachia mlango yule mwenye mpira nyumbani, aliyebadilisha jiko tu. Angalia kwamba hukuandika "utahitaji mpira". Hujui kama atauhitaji. Yeye ndiye anayejua.

Halafu bei ya mpira imekaa peke yake, haikujumlishwa na ya jiko. Hili mliniulizia tangu tulipokuwa tunapanga mhadhara huu, na ni swali la haki: mteja anatuma ujumbe uleule kwa maduka matatu au manne. Wote wakijibu 55,000 na wewe ukajibu 63,000 kwa sababu umejumlisha mpira, umeonekana ghali hata kama bei yako ya jiko ni sawa na yao. Na ukijibu 55,000 bila kutaja mpira umerudi kwa yule mama wa Vingunguti. Mistari miwili yenye bei mbili ndiyo inayotoka kwenye mtego huo. Jiko kwa jiko anakulinganisha na wenzako vizuri, na juu yake anajua kitu ambacho wenzako hawakumwambia. Mara nyingine atarudi kwao kuuliza "kwani boksi lina mpira?" na hapo wewe ndiye uliyemwelimisha.

Mtu ataniuliza: mbona regyuleta umeitaja bila bei, na mwanzoni ulisema anayeficha anatoa jibu nusu? Regyuleta haijafichwa, haijajulikana bado ni ipi. Mwenye mtungi wa kilo 6 na mwenye wa kilo 15 msiwape bei moja kabla hamjajua kichwa cha mtungi kikoje, maana isiyolingana haifungi, na ile inayolazimishwa ndiyo inayovujisha. Ukiandika bei moja, kuna mtu utampotosha. Ndiyo maana mstari ule una ombi la "ukinitajia mtungi wako". Huo nao si swali la kununua. Unamwomba jambo analolijua, ambalo halimwaibishi na halimfungi. "Wa kilo 6" ni jibu rahisi kuandika, na mtu akishaliandika mnazungumza. Kwa majibu hayo unaweka akiba nyingine fupi, moja ya mtungi mdogo na moja ya mkubwa, kila moja na bei yake halisi.

Mstari wa mwisho unasema duka lilipo na muda wa kufunga. Huo ndio msukumo pekee niliouacha kwenye ujumbe, na ni wa kweli: saa 12 mnafunga.

Mmeona kwamba hakuna salamu. Sijaisahau. Salamu isiwekwe akiba, iandikwe kwa mkono kila mara, kwa sababu salamu za Dar es Salaam hazifanani. Kuna atakayeandika "Shikamoo mama, jiko la pleti mbili sh ngapi?" Ukimtumia "Habari mteja wetu mpendwa" umeiacha shikamoo yake chini. Anataka "Marahaba mwanangu", ndipo bei ifuate. Mwingine ameandika "Mambo dada", mwingine "Asalaam alaykum", mwingine "Vipi boss". Kila mmoja ana jibu lake na jibu hilo ni neno moja au mawili, halikucheleweshi. Ukilitanguliza kwa mkono, maandishi yote yanayofuata, japo ni ya akiba, yanasomeka kama umemwandikia yeye.

Programu yenyewe imetengenezwa kwa namna inayoruhusu hilo. Kwenye WhatsApp Business, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, mnaingia sehemu inayosomeka `Business tools`, kisha `Quick replies`, mnaandika ujumbe na kuupa kifupisho, tuseme `/jiko2`. Mnaweza kuhifadhi majibu mpaka 50, mengi kuliko mahitaji ya duka la vyombo. Ukiwa kwenye mazungumzo unaandika alama ya mkwaju `/`, orodha inajitokeza, unachagua. Maandishi hayaondoki hapohapo. Yanakaa kwenye kisanduku cha kuandikia yakikusubiri. Hizo sekunde mbili tatu ndizo za kuandika "Marahaba mwanangu" mwanzoni, na za kufuta kisichomhusu. Mteja akiwa ameandika "nina mpira, nataka jiko tu", mstari wa pili unaufuta wote kabla ya kutuma. Asiyeufuta amemwonyesha mteja kwamba hakumsoma.

Msichanganye hili na ujumbe wa makaribisho, ule unaojituma wenyewe kwa mtu anayeandika mara ya kwanza au aliyekaa kimya siku 14. Huo unaondoka kabla wewe hujajua ameuliza nini. Nimeona watu wakiweka mpira wa gesi humo. Mtu anaulizia ndoo za plastiki, anajibiwa na mpira wa gesi. Kwenye makaribisho wekeni jina la duka na kwamba mtamjibu muda si mrefu, yatosha.

Sasa kuna jambo nyeti ambalo ningependa tulitazame bila haraka. Mteja amejibu: "Mpira ninao, wa jiko la zamani." Wewe unajua mpira wa gesi unazeeka. Ukiukunja unaona nyufa ndogo, na kwenye kibana unakuwa mgumu. Je, unyamaze kwa sababu tumesema tusimsukume? Hapana. Lakini tofautisha kumpa taarifa na kumtisha. Kumtisha ni "mpira wa zamani unalipuka dada, usihatarishe watoto". Hapo umechukua hofu ya mama kwa watoto wake ukaitumia kuuza kitu cha 8,000, na hata kama utauza, atakukumbuka kwa hofu hiyo. Taarifa ni hii:

"Sawa. Kabla hujaufunga, ukunje uone kama una nyufa. Ukishafunga, paka povu la sabuni kwenye maungio na ufungue gesi; povu likitoa mapovu mapya, panavuja, funga gesi."

Hujamtajia bei. Hujamwambia anunue. Umempa kipimo ambacho atakifanya mwenyewe jikoni kwake, na kipimo hicho ndicho kitakachomwambia kama anahitaji mpira. Akikuta nyufa atajua pa kuununua mwingine, na akiukuta mzima amepata salama yake bure. Hili nalo liwe jibu la akiba, lenye kifupisho chake, na litumwe kwa kila aliyenunua jiko, awe amechukua mpira kwako au la.

Tuje kwenye kupatana, maana hakuna bei Buguruni isiyojibiwa na "mwisho ngapi?" Hapa nyongeza yako ina faida ambayo wengi hawaioni. Kwa kuwa mpira una bei yake kwenye mstari wake, una pa kupunguzia bila kugusa jiko. Jiko lina faida ndogo na kila mtu analiuza. Ukishusha 55,000 ikawa 52,000, kesho shoga yake atakuja na 52,000 hiyo mkononi. Badala yake unaweza kusema: "Jiko halishuki dada, lakini ukichukua na mpira jumla nakufanyia 60,000." Hapa umetaja jumla kwa mara ya kwanza, na umeitaja kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza mwisho. Jueni tu mpira mmeununua ngapi kwa jumla, msije mkatoa punguzo linalokula mtaji. Na jambo hili lisiwe jibu la akiba. Kupatana kunataka mtu, na mteja anagundua haraka sana anapopatana na maneno yaliyoandikwa jana.

Bei kupitwa na wakati ndiyo ajali ya kawaida ya majibu haya. Umeingiza mzigo mpya kutoka Kariakoo, jiko limepanda, na `/jiko2` bado inasema 55,000. Umeshawatumia watu watano kabla hujashtuka. Hao watano waliotumiwa 55,000 wauzieni 55,000, kwa sababu mlisema. Kinga yake ni utaratibu wa duka: anayepokea mzigo ndiye anayebadilisha jibu, siku hiyohiyo, kabla boksi halijapangwa rafuni. Na mpira ukiisha, mstari wa mpira utoke kwenye jibu siku hiyohiyo pia. Kumtajia mtu kitu ambacho huna ili aje dukani ni kumpotezea nauli.

Mtajuaje kama jibu linafanya kazi au linawafukuza watu? Wateja wenyewe wanaonyesha, ukiyasoma majibu yao. Ukianza kupata "hapana, jiko tu", "asante nataka jiko peke yake", ujue maandishi yako yanasomeka kama swali hata kama hayana alama ya kuuliza, kwa hiyo kuna neno linalodai. Mara nyingi ni "karibu uchukue na" au "ni vizuri ukachukua". Lifute. Ukipata "kwa hiyo jumla 63,000?" kwa mtu ambaye hakuulizia mpira, ujue bei mbili zimekaribiana mno kwenye kioo cha simu na ameona moja. Tenganisha mistari, acha nafasi katikati. Ukipata "mbona hukuniambia?" baada ya mauzo, mstari umefichika chini mno au umeufuta kwa mtu asiyestahili kufutiwa.

Kimya ndicho kigumu kukisoma, kwa kuwa watu wananyamaza kwa sababu nyingi. Hapa tumieni lebo za kwenye programu hiyohiyo. Kila aliyejibiwa bei mpe lebo ya "ameulizia", akinunua badilisha iwe "jiko tu" au "jiko na mpira". Mwisho wa mwezi angalieni waliobaki kwenye "ameulizia". Kisha mwezi unaofuata tumeni jibu bila mstari wa mpira, mpira mkautaja baada ya mteja kusema anachukua jiko. Kama waliobaki kimya wamepungua sana, mstari wenu una tatizo, rudini muuandike upya. Kama ni walewale, mpira hauwafukuzi watu, ni bei au ni ushindani. Miezi miwili kwa duka dogo haitoshi kuapa, hasa mmoja ukiangukia Ramadhani au Desemba, ila inatosha kuwazuia kubishana kwa hisia.

Yule aliyenyamaza, je, umfuate? Mara moja, na uwe na kitu kipya cha kumwambia. Bei imeshuka, au rangi aliyoulizia imeingia. "Dada vipi, bado unahitaji jiko?" haina kipya ndani yake. Inamkumbusha tu kwamba hakukujibu. Na ukimfuata, mfuate kwa jiko. Mpira alishaambiwa.

Nimalizie na wale ambao nyongeza haiwahusu kabisa, kwa sababu jibu la akiba likishazoeleka kidole kinalituma chenyewe. Kuna anayeandika "nina 55,000 kamili, jiko linapatikana?" Huyu ameshakuonyesha mfuko wake wote. Mwambie linapatikana, na mwambie kwa sentensi moja kwamba boksi halina mpira, asije akakwama usiku, lakini bei ya mpira mpaka aiulize. Kuna anayeulizia bei huku analalamikia jiko alilochukua mwezi uliopita, halijiwashi. Huyo kwanza malalamiko yake yashughulikiwe, na siku hiyo asitajiwe kitu kingine cha kununua. Na kuna anayeulizia kwa niaba ya mama yake aliyeko Kigoma au Songea, mzigo utakwenda kwa basi. Kwake mpira na regyuleta mtajie mwanzoni kabisa, na mwombe akutumie picha ya kichwa cha mtungi kabla hamjafunga boksi, maana huko mwisho wa safari hakuna wa kurudi Buguruni kubadilisha.